Kidonge kimeyeyuka ulimini, kisha mtoto akatapika

"Dokta, nimempa ile ya kuyeyuka mdomoni, ameitapika. Nimpe nyingine?"

Kila mfamasia aliyekaa dirishani anaijua sauti ya swali hili. Huwa ni ya usiku, na mara nyingi inakuja kwa simu huku mtoto akisikika analia nyuma. Swali la kwanza la kumrudishia mama huyo ni hili: alimpa saa ngapi, na mtoto ametapika saa ngapi? Wengi hawana jibu. Wanasema "sasa hivi tu", na ukiwadadisi unakuta "sasa hivi" ni dakika tano kwa mmoja na dakika arobaini kwa mwingine. Kati ya dakika tano na arobaini ndipo jibu linapobadilika kabisa.

Dawa ninayoizungumzia ni ondansetroni, ya kuzuia kichefuchefu na kutapika. Ilianza kutumika kwa wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na dawa zao za dripu, na vidonge vyake vya kuyeyuka mdomoni viliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Leo vinapatikana katika maduka mengi ya dawa ya miji yetu, vya miligramu 4 na vya miligramu 8, vingi vikitoka India na vikiwa na herufi ODT au MD kando ya jina. Ni dawa ya kuandikiwa, na inasaidia kweli. Lakini umbo lake limezaa dhana moja ambayo ndiyo inayowaponza watu: kwamba kikishayeyuka ulimini, dawa imeshaingia mwilini.

Haijaingia. Kidonge hiki hakinyonywi na ulimi kwa kiasi cha kutegemewa. Kinachotokea mdomoni ni kwamba kinageuka kuwa mate yenye dawa. Mate hayo yanamezwa, yanafika tumboni, yanashuka kwenye utumbo, na huko ndiko dawa inakoingia kwenye damu, sawasawa na kidonge cha kawaida cha kumeza. Kwa wengi nafuu huanza kuonekana baada ya kama nusu saa, na kiwango cha dawa kwenye damu hufika kileleni baada ya saa moja na nusu hivi. Kilichorahisishwa ni kumeza, basi. Mtu ambaye funda moja la maji linamtapisha anaweza kumeza mate yake mwenyewe, na kwa mtoto anayebana meno, au mgonjwa ambaye kuona kidonge tu kunamtia kinyaa, hilo si jambo dogo.

Ukishalielewa hilo, maelekezo yote mengine yanajieleza yenyewe.

Anza na mikono. Kidonge cha aina ya awali kabisa hakikukandamizwa kwenye mashine kama vidonge vingine. Dawa ilichanganywa na maji, jelatini na sukari iitwayo manitoli, ikamiminwa ndani ya kishimo kilekile cha pakiti, ikagandishwa, kisha barafu ikaondolewa kwa kuifanya igeuke mvuke bila kupitia hali ya maji. Kinachobaki ni kipande chepesi mno chenye matundu madogo kila mahali, na mate yakigusa matundu hayo kinabomoka kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba hakitofautishi mate na jasho. Kikishikwa na kidole chenye unyevu kinaanza kuyeyuka papo hapo, na sehemu ya dozi inabaki kwenye ngozi ya mama badala ya kwenda kwa mtoto.

Sasa fikiria hali halisi ya nyumbani. Mtoto ametapika, mama amefuta sakafu, amebadilisha shuka, ananawa mikono kwa sabuni kama anavyopaswa, halafu anakwenda moja kwa moja kwenye pakiti ya dawa na mikono inayochuruzika. Usafi wake ndio unaoharibu dawa. Anawe, ndiyo, kisha ajifute kwa kitambaa kikavu mpaka katikati ya vidole, na kama ni mwezi wa Februari Dar es Salaam au Mombasa na viganja vinatoa jasho, ajifute tena kabla ya kugusa kidonge.

Halafu kuna kufungua. Vidonge vingi vya aina hii havitakiwi kutobolewa kwa kidole gumba kama tunavyofanya na panadoli. Ukisukuma kidonge dhidi ya foili ngumu, kinapasuka ndani kwa ndani, na unatoa unga na vipande usivyoweza kuvikusanya. Tafuta kona ya foili iliyoachwa bila gundi, ipinde, uichune taratibu mpaka kishimo kiwe wazi, kisha geuza pakiti au bonyeza plastiki kwa upole chini ya kidonge, kitoke kizima. Kiweke hapohapo juu ya ulimi. Usikiache kwenye sahani wakati unambembeleza mtoto afungue mdomo. Mbembeleze kwanza, ufungue baadaye. Vipo pia vidonge vya kuyeyuka vilivyokandamizwa kwa mashine, vigumu kidogo, ambavyo kampuni nyingine hutengeneza, na baadhi yake vinavumilia kusukumwa. Karatasi iliyo ndani ya boksi itasema. Ukiwa huna boksi, chuna.

Hapa ndipo nina ugomvi na mazoea ya maduka yetu. Mteja anataka kidonge kimoja au viwili, hana fedha ya pakiti nzima, na hilo ni haki yake. Muuzaji anatoboa vidonge viwili, anavitia kwenye bahasha ndogo ya dawa, anaandika "1x1" na kumkabidhi. Kwa dawa nyingi hilo halina madhara makubwa. Kwa kidonge hiki, na katika hewa ya pwani iliyojaa unyevu, ni kuuza kitu ambacho mpaka usiku kitakuwa kimelegea na kugandana na karatasi. Njia sahihi ni kukata pakiti kwa mkasi, kishimo kikiwa kimefungwa, na kuacha ukingo wa kutosha pande zote ili mkasi usifungue gundi. Mteja naye asikubali kidonge kilicho uchi ndani ya bahasha. Na ukifika nyumbani ukachuna foili ukakuta kidonge kimesinyaa, kinanata kwenye plastiki, au kimebadilika rangi, hicho kiache. Nunua kingine.

Sasa mdomo. Mtoto aliyetoka kutapika ana mabaki na uchungu wa nyongo ulimini, na kidonge ukikitumbukiza hapo papo kwa papo, ladha ile ikichanganyika na utamu wa kidonge inaweza kumtapisha upya. Mwache apumue dakika chache. Akiwa mkubwa wa kuweza kusukutua, asukutue na kutema. Mdogo mfute ulimi na fizi kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kisha kidonge kiwekwe juu ya ulimi, afunge mdomo, ameze mate. Asitafune, wala asipewe maji ya kusukumia.

Maneno haya "bila maji" nayo yameeleweka vibaya. Maana yake ni kwamba kidonge hakihitaji maji. Mgonjwa anayahitaji sana, ila kwa wakati wake. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe kizima mara tu kidonge kinapoyeyuka, tumbo lililochafuka linarudisha kila kitu, dawa ikiwemo. Subira ya kama robo saa ndiyo inayoipa dawa nafasi ya kushuka.

Jinsi dawa yenyewe inavyofanya kazi nitaieleza kwa ufupi. Kirusi cha kuhara au sumu ya chakula inapochokoza utumbo, chembe fulani kwenye kuta zake humwaga kemikali iitwayo serotonini. Serotonini hiyo inaamsha neva inayopanda mpaka kwenye ubongo, na ubongo unaamuru kutapika. Ondansetroni inaziba mahali ambapo serotonini ingeshika, upande wa utumbo na upande wa ubongo. Haiui kirusi na haizuii kuhara. Inanyamazisha ujumbe tu.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka minne, uzito kilo 16, ameanza kutapika tangu alasiri na ameharisha mara tatu. Ametazamwa kituo cha afya, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ameonekana ameanza kupungukiwa maji, na daktari ameandika kidonge kimoja cha miligramu 4, mara moja tu, pamoja na ORS. Dozi hiyo inalingana na ile iliyotumika katika utafiti unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili, uliofanywa na Stephen Freedman na wenzake huko Chicago na kuchapishwa mwaka 2006: miligramu 2 kwa mtoto wa kilo 8 hadi 15, miligramu 4 kwa aliyezidi hapo hadi kilo 30, na miligramu 8 kwa mzito zaidi. Watoto 215 wenye kutapika na upungufu wa maji walishiriki. Waliopewa kidonge cha kuyeyuka, asilimia 14 walitapika tena wakati wa kunyweshwa ORS. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 35. Waliohitaji dripu walikuwa asilimia 14 upande mmoja na 31 upande wa pili. Thamani ya kidonge iko hapo: kinamfungulia mtoto mlango wa kunywa.

Mama anaweka kidonge ulimini saa 1:40 usiku, na anaandika muda huo nyuma ya boksi. Kuandika ni lazima, kwa sababu moja ambayo wachache huifikiria. Kidonge cha kawaida kikitapikwa mapema, unaweza kukiona kwenye matapishi kikiwa kizima au nusu, ukajua hakikufanya kazi. Hiki kimeshakuwa mate. Hata ukiyachungulia matapishi kwa tochi, hakuna utakachoona. Shahidi pekee uliyebaki naye ni saa.

Saa 1:48 mtoto anatapika. Zimepita dakika nane. Dawa bado ilikuwa tumboni na sehemu kubwa yake imetoka. Katika utafiti wa Chicago, mtoto aliyetapika ndani ya dakika 15 alirudishiwa dozi ileile, na ndivyo daktari wa mfano wetu alivyoelekeza. Mama anasubiri mtoto atulie, anamfuta ulimi, anakausha mikono, na kuweka kidonge cha pili saa 2 kamili. Anaandika tena. Hiki ni cha mwisho. Kikitapikwa nacho, hakuna cha tatu, kuna safari ya kurudi kituoni.

Je, kama angetapika saa 2:30, dakika hamsini baada ya kidonge cha kwanza? Hapo sehemu kubwa ya dawa huenda imeshapita, na kidonge kingine kingekuwa nyongeza. Ndiyo maana muda mmoja haufai kwa wote. Karatasi za maelekezo ya dawa hii zilizoandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani husema ukitapika ndani ya saa moja, rudia dozi ileile, ukipitisha hapo usirudie. Mgonjwa yule ni mtu mzima, yuko chini ya uangalizi, na dozi zake zimepangwa kwa siku kadhaa. Mtoto wa kilo 16 mwenye kuhara amepewa dozi moja tu. Kwa hiyo chini ya dakika 15 mwelekeo ni kurudia mara moja, zaidi ya saa moja hakuna kurudia, na kati ya hapo usiamue peke yako, piga simu kwa aliyekuandikia. Ningependa kila anayepokea dawa hii asiondoke dirishani kabla ya kuuliza: "Akitapika, nirudie ndani ya dakika ngapi?" Na muuzaji aliandike jibu juu ya pakiti.

Turudi kwa mtoto wetu. Kidonge cha pili kimekaa. Saa 2:15 mama anaanza ORS, na hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtoto aliyepungukiwa maji kiasi ni mililita 75 kwa kila kilo, kwa muda wa saa nne. Kwa kilo 16 hiyo ni mililita 1,200. Zigawe kwa dakika 240 zilizomo katika saa nne, unapata mililita 5 kwa dakika. Na mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja kila dakika, taratibu, na usiku wa manane mtoto ameshapata maji yake yote. Hatua hii kwa kawaida hufanyiwa kituoni ili mhudumu amtazame, na kwa wengi wetu hapo ndipo penye usalama zaidi. Akitapika katikati, unasimama dakika kumi, unaanza tena kwa kijiko kila dakika mbili au tatu. ORS ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti yake: nyingi ni za lita moja, lakini zipo ndogo, na ukizikosea unampa mtoto maji ya chumvi kali.

Kwa mtoto wa kilo 10 au 12 kuna kikwazo. Dozi yake ni miligramu 2, na kidonge kidogo kabisa ni cha 4. Watu wanakata nusu kwa wembe. Kile kilichokaushwa kwa kugandishwa hakikatiki. Kinasagika, na nusu moja haifanani na nyingine, achilia mbali kwamba nusu iliyobaki haiwezi kuhifadhiwa maana foili imeshafunguliwa. Kwa mtoto huyu omba dawa ya maji. Ile yenye miligramu 4 katika mililita 5 itahitaji mililita 2.5 kwenye bomba la sindano lisilo na sindano.

Kuna mkanganyiko mwingine wa kwetu hasa. Nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zimeshazoea dawa za watoto zinazoyeyushwa: Mseto wa malaria wa watoto, na zinki ya kuhara. Hizo zinayeyushwa kwenye maji kidogo ndani ya kijiko au kikombe, kisha mtoto anakunywa. Mama aliyezoea hivyo akiambiwa "hii ni ya kuyeyusha" anaitia kwenye maji kwa nia njema kabisa, na anarudi palepale pa kumnywesha mtoto anayetapika. Mwingine anafanya kinyume, anaweka zinki ulimini, na ladha ya chuma inamtapisha mtoto. Muuzaji aseme wazi: hii ulimini, ile kijikoni. Zinki yenyewe haina sababu ya kuachwa kwa kuwa kutapika kumetulia. Mtoto wa zaidi ya miezi sita anaitumia miligramu 20 kila siku, kwa siku 10 hadi 14.

Yapo mambo ya kumwambia mfamasia kabla hajafungua kabati. Ondansetroni inaweza kubadilisha umeme wa moyo kwa baadhi ya watu. Aliyezaliwa na hitilafu ya mapigo, au ambaye nyumbani kwao kuna kijana aliyewahi kufa ghafla bila sababu kujulikana, aseme. Aseme pia kama yuko kwenye Mseto, kwinini au azithromaisini, kwani nazo zina tabia hiyo na zikikutana haja ya tahadhari inaongezeka. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo asijinunulie. Kuna dawa nyingine ambazo daktari huanza nazo. Vidonge vingi vya kuyeyuka vimetiwa utamu wa aspatamu, ambao hauwafai wale wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kushindwa kusaga fenilalanini. Na mzazi asishtuke kuhara kukiongezeka siku ile. Katika utafiti wa Chicago waliopewa dawa waliharisha zaidi kidogo. ORS iendelee.

Linalonitia hofu zaidi ni kidonge kinapotumika kunyamazisha kutapika ambako kulikuwa ni onyo. Matapishi ya kijani au yenye damu, tumbo lililovimba na kuwa gumu, shingo iliyokakamaa, kutapika baada ya kuanguka na kugonga kichwa: hayo hayaingii kwenye mjadala wa vidonge. Wahudumu wa afya wanafundishwa kwamba mtoto chini ya miaka mitano anayetapika kila kitu anachopewa, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyelegea au aliyepata degedege, ana dalili ya hatari na apelekwe kituoni mara moja, saa yoyote. Homa katika maeneo yetu inadai kipimo cha malaria hata kama mtoto ametulia baada ya kidonge. Tumbo limetulia, vimelea havijaguswa. Na mtoto aliyeacha kutapika lakini hajakojoa tangu jioni mpaka alfajiri, macho yameingia ndani, analia bila machozi, huyo bado anakauka. Mpeleke, na boksi lenye zile saa ulizoandika nyuma yake mkabidhi daktari.